Jinsi ya kumwandikia mteja wa zamani bila kumwomba kazi

Zamani, kila kazi zilipopungua, nilikuwa nawatumia wateja wangu wa nyuma barua pepe fupi: "Je, kuna kazi yoyote ya ubunifu kwa sasa?" Waliojibu walijibu hivi: "Kwa sasa hapana, asante." Nilichelewa kuelewa sababu. Mteja hana orodha ya kazi za dizaina kichwani. Ana shughuli zake zinazomsumbua, na swali langu lilimtaka aanze kutafuta ipi kati ya hizo inanihusu. Kutafuta huko ni kazi yangu mimi.

Hatua ya 1: Ngoja wiki sita hadi nane baada ya kukabidhi kazi

Kabla ya hapo kazi yako bado haijatumika vya kutosha, kwa hiyo huna cha kusema. Na kama kuna ankara ambayo haijalipwa, andika kuhusu ankara hiyo peke yake.

Hatua ya 2: Iangalie kazi yako ikiwa mikononi mwao

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Fungua tovuti yao na kurasa zao za mitandao ya kijamii, tena kwa simu, maana huko ndiko wateja wao wanakoziona. Tafuta mahali ambapo kile ulichokabidhi hakikai sawasawa.

Chukua mfano wa kliniki ya meno uliyoichorea nembo: alama ya jino kushoto, jina refu kulia. Kwenye bango imependeza. Lakini kwenye picha ya wasifu imebanwa ndani ya duara, na herufi za mwanzo na za mwisho za jina zimekatika. Dawa yake ni ndogo. Tengeneza mraba wa pikseli 1000 kwa 1000, ondoa jina, weka alama peke yake katikati, isizidi pikseli 700 kwa upana wala kwa urefu. Duara linalogusa kingo za mraba hula pembe zake, ila mraba wa ndani wenye asilimia 70 hivi ya upana huo hauguswi. Hifadhi kama PNG.

Isikuchukue zaidi ya nusu saa. Ikizidi hapo, hiyo ni kazi ya kulipwa, usiitoe bure.

Hatua ya 3: Andika

Usianzishe barua mpya. Jibu ileile uliyokabidhia faili, ili akikusahau akumbushwe na maandishi yaliyo chini yake.

> Habari za siku nyingi, Daktari. Natumaini wewe na wenzako mnaendelea vizuri.
>
> Juzi nilifungua ukurasa wenu nikafurahi kuona nembo imeanza kutumika. Ila kwenye picha ya wasifu duara linakata jina. Hapo kosa ni langu, sikuwakabidhi toleo la mraba. Nimeliambatanisha, mnaweza kulipandisha kama lilivyo, bila malipo.
>
> Nimeona pia matangazo ya ratiba mnayoweka kila wiki. Kwa sasa anayatengeneza nani? Kama yanawachukulia muda, naweza kuwaandalia kiolezo ambacho mtu wa mapokezi atabadilisha tarehe na saa tu.
>
> Kazi njema.

"Habari za siku nyingi" imeshabeba ule ukimya wa miezi miwili, kwa hiyo huna haja ya kuomba radhi kwa kupotea. Kuhusu matangazo, sikusema ni mabaya. Huenda anayeyatengeneza ni mke wa daktari, au daktari mwenyewe usiku baada ya kazi. Kuuliza "anayatengeneza nani" kunajibika kwa sentensi moja, na jibu hilo ndilo litakaloonyesha kama mlango upo. Bei sijaitaja, kwa kuwa hajaniambia kama ana tatizo.

Hatua ya 4: Soma jibu

Asipojibu, usimfuatilie wiki inayofuata. Ukishatoa zawadi kisha ukauliza "uliiona?", unaonekana unadai. Ngoja miezi mitatu, urudi na jambo jingine jipya uliloliona. Akijibu tu "asante, imekaa vizuri", fanya vivyo hivyo.

Akisema, "Anayatengeneza dada wa mapokezi, na kweli yanamchosha," usikimbilie kutuma bei. Uliza kwanza matangazo ni mangapi kwa wiki, na dada huyo anatumia programu gani, kwenye simu au kompyuta. Swali hili la mwisho nimelijifunza kwa hasara. Niliwahi kumtengenezea mteja kiolezo safi kabisa ndani ya Illustrator, akalipa, akashukuru. Mwezi uliofuata nikafungua ukurasa wake, matangazo yalikuwa yaleyale ya zamani. Aliyekuwa akiyatengeneza alikuwa na simu tu.