Jinsi ya kuomba bima ya maisha iliyokatika ihuishwe

Watu wengi wanaokuja na bima iliyokatika huwa wameshalipa malimbikizo yote na wanaamini mambo yameisha. Pesa imeingia kwenye akaunti ya kampuni na risiti wanayo. Lakini bima ya maisha ikishakatika, kulipa peke yake hakuirudishi. Kinachoirudisha ni kampuni kukubali ombi lako, na ina haki ya kuuliza kwanza kama afya yako bado ni ile waliyoikubali mwanzoni. Hadi jibu litoke, pesa yako imewekwa pembeni tu na wewe huna kinga. Ndiyo maana hatua hizi zinaanza na ombi, na malipo yanakuja baadaye.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli imekatika

Tafuta kwenye mkataba kifungu cha siku za ziada za kulipa ada. Kwenye bima nyingi za maisha ni siku 30 au 31 tangu tarehe ya ada. Kama bado uko ndani ya siku hizo, huhitaji ombi lolote: lipa ada iliyochelewa na bima inaendelea.

Kama bima yako ina akiba ndani yake, uliza jambo moja zaidi. Baadhi ya mikataba huiruhusu kampuni kuchota kwenye akiba hiyo kulipia ada uliyokosa. Hapo bima yako haijakatika, ila una mkopo unaozaa riba, na barua unayopaswa kuandika ni nyingine kabisa.

Kisha tazama kifungu cha kuhuisha. Kitakuambia una muda gani wa kuomba. Mara nyingi ni miaka miwili, mitatu au mitano tangu ada ya kwanza iliyokosekana. Kama uliwahi kuivunja bima ukachukua thamani yake taslimu, kwa kawaida mlango huo umeshafungwa.

Hatua ya 2: Omba hesabu kwa maandishi

Usijikokotolee deni ukalituma. Omba kampuni ikuandikie malimbikizo ni kiasi gani, riba ni asilimia ngapi, na hesabu hiyo ni halali hadi tarehe ipi. Ikishafika, ihakiki.

Tuchukue mama mmoja ambaye ada yake ni 4,000 kwa mwezi, inayodaiwa kila tarehe 1. Alikosa Januari hadi Mei, na anataka kulipa tarehe 1 Juni. Ada tano ni 20,000. Mkataba wake unasema riba ni asilimia 8 kwa mwaka. Ada ya Januari imechelewa miezi mitano, ya Februari minne, na kuendelea hadi ya Mei iliyochelewa mmoja. Ukijumlisha unapata miezi 15 ya kuchelewa, kila mmoja kwa ada ya 4,000, na riba yake ni 400. Ongeza ada ya Juni yenyewe, jumla 24,400. Akiletewa 26,000, ana haki ya kuuliza hiyo 1,600 ni ya nini. Kosa ninaloliona mara nyingi ni riba kutozwa kwa deni lote tangu mwezi wa kwanza, kana kwamba ada zote tano zilidaiwa siku moja.

Hatua ya 3: Jaza tamko la afya bila kuficha kitu

Hapa ndipo maombi mengi yanapoharibika, na madhara yake huja kuonekana wakati wa kudai fidia.

Bima ikiwa imekatika kwa muda mfupi, mara nyingi fomu ya maswali inatosha. Ikiwa muda ni mrefu, au kinga ni kubwa, utaombwa vipimo, na mara nyingi gharama ni juu yako. Mama yetu aligunduliwa na shinikizo la damu mwezi Machi, bima ikiwa tayari imekatika. Swali la fomu linasema: "Je, tangu ada yako ya mwisho umetibiwa au kushauriwa na daktari kwa tatizo lolote?" Jibu lake ni ndiyo, kisha aandike tarehe, dawa anayotumia na vipimo vya karibuni. Shinikizo lililodhibitiwa vizuri mara nyingi halimnyimi mtu bima. Huenda kampuni ikaongeza ada.

Akijibu hapana, atapata barua ya kukubaliwa haraka. Lakini katika mikataba mingi, kuhuisha bima huanzisha upya kipindi ambacho kampuni inaweza kupinga madai kwa sababu ya maelezo yasiyo ya kweli, na kipindi hicho kwa kawaida ni miaka miwili. Akifariki ndani yake, kampuni itaomba faili la hospitali, itaikuta ile Machi, na watoto ndio watakaobaki na barua ya kukataliwa. Nimewakalia watu mezani na barua ya aina hiyo, na hakuna cha kuwaambia kinachosaidia.

Hatua ya 4: Andika barua fupi

Usieleze maisha yako yote. Sababu ya kukosa kulipa itoshe sentensi moja. Anayesoma anatafuta namba ya bima, ombi, ahadi ya kulipa na viambatanisho:

> YAH: OMBI LA KUHUISHA BIMA NAMBA (andika namba)
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sikulipa ada za Januari hadi Mei kwa sababu mshahara wangu ulisimama. Sasa nimerudi kazini na naomba bima hii ihuishwe kwa masharti yake ya awali.
>
> Niko tayari kulipa malimbikizo yote pamoja na riba na ada ya Juni, jumla 24,400 kwa mujibu wa hesabu yenu, mara nitakapojulishwa kuwa ombi limekubaliwa. Naambatanisha tamko la afya, ripoti ya daktari na nakala ya kitambulisho.
>
> Naomba mnijulishe kwa maandishi uamuzi wenu na tarehe ambayo kinga itaanza tena.

Ipeleke pale utakapogongewa mhuri kwenye nakala yako, au itume kwa barua pepe. Kumwachia wakala kwa mdomo hakutoshi.

Kama huna pesa yote, sema hivyo humo humo na upendekeze njia. Kulipa kwa awamu kunawezekana, ila kinga kwa kawaida haianzi kabla ya awamu ya mwisho. Njia nyingine ni kuomba tarehe ya kuanza bima isogezwe mbele: malimbikizo yanapungua au kuisha, lakini umri wako unahesabiwa upya na ada inapanda. Kwa miezi mitano kama ya huyu mama, mimi ningekopa kwa ndugu nilipe malimbikizo, nibaki na ada ya umri niliojiunga nao.

Hatua ya 5: Lipa, kisha soma jibu

Kampuni nyingine hudai pesa iambatane na fomu. Lipa, lakini hakikisha risiti inasema pesa inashikiliwa kusubiri uamuzi na itarudishwa yote ombi likikataliwa.

Barua ya kukubaliwa ikija, tazama tarehe ya kinga kuanza tena. Kilichotokea wakati bima imekatika hakilipwi, hata kama umelipia miezi hiyo. Tazama kama wameongeza ada au kuondoa ugonjwa fulani, na kama unaambiwa usaini kukubali. Usiposaini, ombi linabaki kiporo. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi pamoja na pesa yako, na kama sababu inapingana na mkataba, lalamika kwanza kwa kampuni yenyewe, kisha kwa mamlaka inayosimamia bima.

Mwisho, uliza makato ya benki au ya mshahara yataanza tena lini. Kukatika hufuta maelekezo hayo mara nyingi, na bila kuyaweka upya ada ya Julai nayo itapita bila kulipwa.