Bafu la nje lisilotuamisha maji: anza na shimo

Wengi hujenga bafu la nje kwa kuanza na ukuta, kisha maji wanayaachia mtaro. Baada ya muda nyuma ya bafu panakuwa na dimbwi jeusi. Huku pwani dimbwi hilo ni hatari, kwa sababu mbu wa kuleksi, anayeeneza matende na mabusha, hupenda kutaga kwenye maji machafu yaliyotuama. Kwa hiyo mimi huanza na shimo la kunyonya maji, ukuta huja mwisho.

Nitaeleza kwa mfano wa nyumba ya watu sita kule Kimbiji, Kigamboni. Kila mtu akioga mara mbili kwa ndoo ya lita 20, ni lita 240 kwa siku.

Hatua ya 1: Pima ardhi

Chagua sehemu iliyo chini ya nyumba kimteremko, angalau mita 3 kutoka kwenye msingi na mita 30 kutoka kwenye kisima. Chimba kishimo cha upana wa sentimita 30 hadi kina ambacho shimo lako litafika. Mwaga maji, yaache yanywewe yote, kisha jaza tena kiasi cha kiganja na uangalie saa. Kwenye mchanga wa Kimbiji maji hushuka inchi moja kwa dakika chache tu. Ukikuta udongo wa mfinyanzi, saa nzima ikapita na inchi moja haijaisha, usichimbe shimo hapo. Yaelekeze maji kwenye migomba kwa mfereji mfupi, ukibadilisha mgomba mara kwa mara. Fanya hivyo pia ukikutana na maji ya ardhini. Kipimo cha kuaminika ni cha wakati wa masika, maana kiangazi ardhi hunywa kuliko kawaida yake.

Hatua ya 2: Shimo

Upana mita 1, kina mita 1.2. Mchanga huporomoka, kwa hiyo tanua mdomo wa shimo na usimwache mtoto karibu. Jaza mawe ya ukubwa wa ngumi au vipande vya tofali za kuchoma zilizoiva. Nafasi kati ya mawe hubeba takribani lita 350, zaidi ya maji ya siku nzima ya familia hii. Juu ya mawe tandika nailoni nzito, halafu fukia. Bila nailoni mchanga utapenya katikati ya mawe na shimo litaziba.

Kabla ya maji kuingia shimoni, yapitishe kwenye ndoo kuukuu yenye mfuniko, iliyozikwa ardhini, na bomba la kutokea likiwa karibu na juu. Mchanga wa miguuni hutuama chini, ukoko wa sabuni huelea, nawe unavitoa kwa mkono. Ndoo hii ndiyo inayolipa shimo umri.

Hatua ya 3: Sakafu

Ondoa udongo wa juu, shindilia, weka mawe, kisha mwaga zege la mita 1.2 kwa 1.2, unene inchi 3. Mchanganyiko ni saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha pamoja na ukingo mdogo wa kuzuia maji yasitoke pembeni. Sakafu ipande kidogo juu ya ardhi ili maji ya mvua yasiingie.

Upande wa bomba linalopeleka maji kwenye ndoo uwe chini ya upande wa pili kwa inchi moja. Hakikisha kwa pima maji kabla zege halijakaza. Bomba la PVC la inchi 2 nalo lishuke sentimita 2 kwa kila mita.

Fundi akitaka kupiga niru, mkatalie. Niru ikilowa sabuni huteleza, na wanaoanguka ni wazee na wajawazito. Zege likianza kushika, lipitishie ufagio wa chelewa kukatisha mteremko, lipate mikwaruzo. Funika kwa magunia, yamwagilie siku saba.

Hatua ya 4: Stara

Simika mirunda iliyopakwa oili chafu sehemu ya chini kuzuia mchwa, izame sentimita 60. Funga makuti hadi kimo cha mita 2, ukiacha nafasi ya kiganja chini ili yasioze na hewa ipite. Badala ya mlango, ongeza ukuta mfupi mbele ya uwazi, mtu apinde kona kuingia. Upepo hauwezi kuung'oa kama mlango wa bati.

Maji yakianza kusimama miguuni, fungua ndoo kwanza. Ikiwa safi na bado maji hayashuki, tia maji bombani: yakirudi, bomba limeziba, yakienda lakini ardhi juu ya shimo ikalowa, shimo limejaa tope la sabuni. Chimba jingine mita 2 pembeni, uliache la kwanza likauke.