Jinsi ya kuandika makosa ya vipimo katika mtihani wa vitendo wa fizikia: jaribio la pendulamu

Ukingoja dakika tano za mwisho ndipo uanze kufikiria makosa ya vipimo, utaishia kuandika "kosa la kibinadamu" na kukusanya karatasi. Maneno hayo hayamwambii msahihishaji chochote. Kazi hii huanza kabla hujabonyeza saa, na pendulamu ya kutafuta g inaionyesha vizuri kwa sababu ina vipimo viwili tu: urefu na muda.

Anza na urefu. Pima kutoka pale uzi unapobanwa hadi katikati ya gololi, si hadi juu yake. Tuseme umepata sm 80.0. Rula ina milimita, lakini katikati ya gololi unaikadiria kwa jicho, kwa hiyo shaka ya milimita 2 ni ya kweli zaidi kuliko nusu milimita. Andika L = 80.0 ± 0.2 sm.

Kwenye muda ndiko wengi huteleza. Saa inaonyesha sehemu ya mia ya sekunde, basi mwanafunzi anaandika ± 0.01 s. Saa inaweza hivyo. Kidole chako hakiwezi. Pima muda wa mibembeo 20 kwa mkupuo, ukianza na kumaliza gololi inapopita chini kabisa, mahali inapokwenda kasi zaidi, na uweke alama nyuma yake ili ujue imepita lini. Rudia mara tatu. Tuseme umepata 35.7, 36.1 na 35.9. Wastani ni 35.9 s. Tofauti kati ya kubwa na ndogo ni 0.4, nusu yake ni 0.2, na hiyo ndiyo shaka yako. Ukigawanya kwa 20, T = 1.795 s na shaka yake inashuka hadi 0.01 s. Hiyo ndiyo faida ya kuhesabu mibembeo mingi, na inafaa uiandike waziwazi kwenye ripoti.

Sasa tumia kanuni, L ikiwa katika mita:

```
g = 4π²L / T²
```

Inatoa 9.802. Ili kupata shaka yake, geuza kila shaka kuwa asilimia. Ya urefu ni 0.2 kwa 80.0, yaani 0.25%. Ya muda ni 0.2 kwa 35.9, karibu 0.56%, lakini T imepandishwa kipeo cha pili, kwa hiyo izidishe kwa 2: 1.11%. Hapa ndipo alama hupotea kila mara, mtu anajumlisha bila kuzidisha. Jumla ni 1.36%, na 1.36% ya 9.80 ni 0.13. Shaka huandikwa kwa tarakimu moja muhimu, na jibu hukatwa pale shaka inapoishia:

```
g = 9.8 ± 0.1 m/s²
```

Anayeandika 9.80214 ± 0.13 anadai kujua tarakimu ambazo shaka yake mwenyewe imeshazifuta. Asilimia hizo pia zinakupa sentensi nzuri ya hitimisho: muda ndio unaochangia shaka kubwa, kwa hiyo kuongeza mibembeo kutasaidia kuliko kutafuta rula bora.

Kuna makosa ambayo kurudia vipimo hakuyafichui. La kwanza ni kuhesabu "moja" pale unapobonyeza saa. Anza na "sifuri", la sivyo umepima mibembeo 19 ukidhani ni 20. Usomaji wako utakaribiana vizuri tu, lakini g itatoka karibu 10.9. Jibu likiwa nje ya mipaka ya shaka yako kwa kiasi hicho, usiipanue shaka ili lienee; rudi kwenye hesabu ya mibembeo.

La pili ni janja zaidi: kupima urefu hadi juu ya gololi. Ikiwa nusu kipenyo chake ni sm 1, utapata g ya 9.7, ambayo haimshtui mtu. Dawa yake ni grafu. Badili urefu mara tano au sita, chora T² dhidi ya L, kisha tafuta g kwa kugawanya 4π² kwa mteremko. Kosa hilo linausogeza mstari wote juu bila kuugusa mteremko, kwa hiyo g inabaki salama. Salama, mradi usiulazimishe mstari upite kwenye sifuri, jambo ambalo wengi hulifanya kwa sababu kanuni "inasema" hivyo. Acha mstari ufuate nukta zake. Ukikata mhimili wa T² kwenye kama 0.04 s², andika kwamba urefu ulipimwa pungufu kwa takriban sm 1, na ueleze kwa nini g uliyoipata haikuathirika.