Kabla ya kugeuza galvanomita kuwa ammita au voltmita

Hesabu ya kugeuza galvanomita haizidi mistari miwili, na wepesi huo ndio unaowaponza wengi. Wanakata waya na kushika lehemu kabla hawajajua mambo mawili ambayo hesabu yote imeyaegemea: mkondo unaoufikisha mshale mwisho wa skeli, na ukinzani wa koili. Nitatumia galvanomita moja tangu mwanzo hadi mwisho, ambayo mshale wake hufika mwisho kwa miliampia 1 na koili yake ina omu 100. Utaona kwamba kosa lile lile linaweza kuiharibu ammita na karibu lisiiguse voltmita.

Anza na mkondo. Usiamini tu kilichoandikwa usoni mwa kifaa, hasa kama ni cha zamani, kwa maana sumaku hupungua nguvu na springi huchoka. Kwanza hakikisha mshale umelala kwenye sifuri. Kama haujalala, urudishe kwa skrubu ndogo ya usoni. Kisha unganisha kwa mfululizo seli ya volti 1.5, rezista ya kubadilika, galvanomita yako na mita ya kidijitali unayoiamini. Rezista ianze kwenye omu 10,000 au zaidi ili mkondo uwe mdogo, halafu uipunguze polepole mpaka mshale ufike mwisho. Namba inayosomeka kwenye ile mita nyingine ndiyo utakayoifanyia hesabu. Kosa lolote hapa linaingia katika ammita na katika voltmita kwa kiwango kile kile.

Ukinzani wa koili unahitaji subira zaidi. Kishawishi ni kuipima galvanomita kwa omumita moja kwa moja. Usifanye hivyo. Omumita husukuma mkondo wake yenyewe, na kwenye masafa ya omu chache mkondo huo unaweza kuwa mkubwa kuliko unaostahimiliwa na koili nyembamba namna hii. Njia salama ni ya nusu mchepuko. Acha saketi ile ile ya seli na rezista, mshale ukiwa mwisho wa skeli, na uitoe ile mita ya kidijitali. Kisha weka rezista ya pili, inayobadilika na inayosomeka thamani yake, sambamba na galvanomita. Irekebishe mpaka mshale urudi nusu ya skeli.

Wengi hufikia hapo wakasema rezista hiyo ya pili ni sawa na ukinzani wa koili. Si sawa, ila tu kama rezista ya mfululizo ni kubwa mno kuliko koili. Kwa seli ya volti 1.5 na miliampia 1, rezista ya mfululizo ni omu 1,400 tu. Ukiongeza tawi la pili, ukinzani wa saketi nzima unapungua na mkondo wa jumla unapanda, kwa hiyo mshale utafika nusu wakati rezista ya pili ni omu 93.3, wala si 100. Sahihisho ni hili, R ikiwa rezista ya mfululizo na S ya sambamba:

G = R × S / (R − S)

Weka 1,400 na 93.3, utapata omu 100. Tuseme hukusahihisha. Kwa ammita ya ampia 1 shanti, yaani rezista inayowekwa sambamba na koili ili ipitishe pembeni mkondo uliozidi, utaitengeneza ndogo kuliko inavyotakiwa, na ampia kamili itasomeka 0.93. Kwa voltmita ya volti 10 kosa hilo hilo ni la omu 6.7 ndani ya jumla ya 10,000, ambalo mshale hauwezi kulionyesha. Anayetengeneza voltmita pekee anaweza kuipita hatua hii haraka. Anayetengeneza ammita asiipite.

Sasa shanti yenyewe. Ampia 1 ikiingia, miliampia 1 ipite kwenye koili na 999 zipite pembeni. Volteji katika matawi yote mawili ni moja, yaani volti 0.1, hivyo shanti ni 0.1 ÷ 0.999, karibu omu 0.1001. Huwezi kununua rezista ya namna hiyo na ukaiamini; tengeneza kwa waya wa konstantani au manganini. Waya wa konstantani wenye kipenyo cha milimita 0.5 una takriban omu 2.5 kwa mita, kwa hiyo unahitaji kama sentimita 4. Usitumie shaba. Ukinzani wake ni mdogo mno kwa kazi hii, tena hubadilika na joto.

Sentimita 4 za waya ni kitu kidogo, na hapo ndipo maungio yanapoanza kuwa sehemu ya hesabu. Skrubu iliyokazwa vibaya inaweza kuwa na omu 0.01. Kama ungio hilo liko kati ya sehemu mbili ambapo nyaya za galvanomita zimeshikwa, shanti imekuwa 0.11 na usomaji umezidi kwa asilimia 10. Likiwa nje ya sehemu hizo, halibadilishi usomaji. Likiwa kwenye nyaya za kwenda kwenye koili, omu 0.01 si kitu mbele ya 100. Kwa hiyo kata waya mrefu, sentimita 8 hivi. Ncha zake zibane kwenye vituo vikubwa vinavyopokea mkondo, halafu nyaya za galvanomita zichomee kwa lehemu juu ya waya wenyewe, katikati, zikiachana sentimita 4.

Mpangilio huu pia unaiokoa koili. Niliwahi kuunguza galvanomita nzuri kwa kufunga shanti na galvanomita kwa skrubu zile zile. Skrubu moja ikalegea, shanti ikaachia upande mmoja huku waya wa galvanomita ukiwa bado umegusa, na mkondo wote ukapita katika koili. Mshale uligonga mwisho wa skeli na haukurudi tena. Mkondo ukiingilia kwenye waya wa shanti kwanza, shanti ikiachia mkondo unakatika kabisa, na koili inabaki salama.

Kurekebisha pia kuna mpango wake. Pitisha nusu ampia, si ampia nzima, mfululizo na mita unayoiamini. Ikiwa yako inasoma juu, shanti ni kubwa: sogeza ungio moja ndani kidogo. Ikiwa inasoma chini kidogo tu, huna haja ya kuchomoa kitu. Piga tupa waya kwa wepesi kati ya maungio mawili. Waya ukipungua unene ukinzani wake unapanda, na utauona mshale ukisogea. Kila baada ya kuchomea au kupiga tupa, subiri waya upoe kabla ya kusoma.

Kuna jambo la joto ambalo halionekani siku ya kwanza. Koili ni ya shaba, na ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila digrii ya selsiasi. Digrii 10 zaidi zinaifanya koili kuwa omu 103.9, ilhali shanti ya konstantani imebaki pale pale. Ammita itasoma pungufu kwa karibu asilimia 4. Dawa ni kuongeza rezista ya manganini mfululizo na koili, kabla ya kuweka shanti. Ukiongeza omu 400, tawi la galvanomita linakuwa 500, na zile omu 3.9 zinageuka kosa la chini ya asilimia 1. Lakini sasa shanti lazima iwe omu 0.5005, na ammita inakula nusu volti mahali ilipokuwa inakula volti 0.1. Usahihi wa joto unaununua kwa kuisumbua zaidi saketi unayoipima.

Usumbufu huo uupime kabla hujachagua. Chukua seli ya volti 1.5 yenye saketi ya omu 1.5 kwa jumla, ukihesabu na ukinzani wa ndani ya seli. Mkondo wa kweli ni ampia 1. Ingiza ammita ya omu 0.1, mkondo unashuka hadi 0.94. Ingiza ile ya omu 0.5, unashuka hadi 0.75. Ammita haidanganyi katika hali yoyote kati ya hizo mbili. Inasoma kwa haki mkondo uliopo baada ya yenyewe kuingia. Kama saketi yako ina volti 12 na omu 12, hiyo omu 0.5 inapunguza asilimia 4 tu. Kwa kazi za volti ndogo mimi huiacha koili bila nyongeza na kuvumilia kosa la joto.

Voltmita ni rahisi kuitengeneza. Kwa volti 10 jumla iwe omu 10,000, hivyo rezista ya mfululizo ni 9,900. Weka ya 9,100 pamoja na ndogo ya kurekebisha ya 1,000, ulinganishe na mita unayoiamini, basi. Joto la koili haliisumbui, maungio hayaisumbui. Isitumike kwenye umeme wa nyumbani: koili ya namna hii ni ya mkondo mnyoofu, na rezista ndogo hazikuundwa kuzuia volteji hiyo.

Tatizo la voltmita liko nje yake. Unganisha rezista mbili za omu 10,000 mfululizo kwenye betri ya volti 9, na upime moja. Jibu la kweli ni volti 4.5. Lakini voltmita yako nayo ni omu 10,000, na ikikaa sambamba na rezista hiyo zinakuwa 5,000 pamoja. Mshale utasimama kwenye volti 3.0, na hakuna kilichoharibika. Ndiyo maana kabla ya kununua galvanomita ya voltmita huangaliwa mkondo wake kuliko kitu kingine. Yenye mikroampia 50 ingehitaji omu 200,000 kwa volti 10, na katika saketi hiyo hiyo ingesoma karibu 4.4.

Kama huna nyingine, jitengenezee masafa ya pili ya volti 50 kwa kufikisha jumla ya omu 50,000. Pima pale pale kwa masafa yote mawili. Volti 3.0 kwa masafa ya 10 na volti 4.1 kwa masafa ya 50 zinakuambia wazi kwamba mita inavuta saketi. Saketi isiyosumbuliwa ingetoa namba zinazokaribiana. Na ukijua ukinzani unaoonekana kutoka pale unapopima, hapa omu 5,000, kwa kuwa rezista mbili zinaonekana sambamba, unaweza kurudisha thamani ya kweli: 3.0 × (1 + 5,000/10,000) = volti 4.5.