Asilimia 40.6 ya London: namna sensa inavyomhesabu aliyezaliwa nje

Sensa ya Uingereza na Welisi iliyofanyika tarehe 21 Machi 2021 iliwakuta London watu wapatao milioni 8.8, na ikaonyesha kwamba asilimia 40.6 kati yao walizaliwa nje ya Ufalme wa Muungano. Miaka kumi kabla ya hapo walikuwa asilimia 36.7. Takwimu hii hunukuliwa kila mahali, na mara nyingi anayeinukuu husema kwamba wahamiaji ni asilimia 40.6 ya wakazi wa jiji. Sensa haikusema hivyo. Hakuna swali lolote katika dodoso linalomuuliza mtu kama ni mhamiaji, na kila anayelitumia neno hilo amechagua mwenyewe ni jibu la swali lipi atakalolichukua kuwa ndilo uhamiaji. Kwa sisi tuliotoka Afrika Mashariki na kuishi huko, au tunaoandika maombi ya ruzuku kwa niaba ya vyama vyetu, ni muhimu kujua tumehesabiwa katika kundi gani na kwa swali lipi.

Maswali yenyewe ni machache. La kwanza huuliza nchi uliyozaliwa, na mtu asiyezaliwa Ufalme wa Muungano wala Jamhuri ya Ayalandi huandika jina la nchi yake kama linavyojulikana sasa. Kwa hiyo aliyezaliwa Nairobi mwaka 1958, chini ya utawala wa kikoloni, huandika Kenya. Aliyezaliwa Unguja kabla ya Muungano wa 1964 huandika Tanzania. Na aliyezaliwa Juba mwaka 1990 huandika Sudan Kusini, ingawa nchi hiyo ilipata uhuru mwaka 2011. Swali linahusu mahali tu. Halijali kabila, wala uraia wa wazazi, wala pasi ya kusafiria, na ndiyo maana Wahindi wengi waliotoka Uganda baada ya kufukuzwa mwaka 1972 wamo katika hesabu ya waliozaliwa Uganda na si ya waliozaliwa India. Kwa sababu hiyo hiyo Boris Johnson, aliyekuwa Waziri Mkuu siku ya sensa, kwa kipimo hiki ni mtu aliyezaliwa nje, kwa kuwa alizaliwa New York.

Swali linalofuata huwahusu waliozaliwa nje peke yao: lini ulifika kwa mara ya mwisho ili kuishi hapa, bila kuhesabu safari fupi za kutoka na kurudi. Maneno “kwa mara ya mwisho” ndiyo yanayowaponyoka wengi, nami nitayarudia hapa chini. Walioingia karibuni huulizwa pia wanakusudia kukaa muda gani kwa jumla, na jibu la miezi 12 au zaidi ndilo linalomfanya mtu awe mkazi wa kawaida. Anayekusudia kukaa chini ya miezi 12 lakini angalau miezi mitatu huwekwa katika kundi la wakazi wa muda mfupi, na kundi hilo halimo katika asilimia 40.6. Mwisho huulizwa pasi za kusafiria, na mtu anaruhusiwa kutaja zaidi ya moja.

Tuichukue familia moja ya kubuni inayoishi katika wilaya ya Brent, ambako zaidi ya nusu ya wakazi, asilimia 56.1, walizaliwa nje. Baba alizaliwa Mombasa, akafika London mwaka 1999, akapata uraia wa Uingereza mwaka 2008. Mwaka uliofuata alirudi Mombasa kufanya kazi, na huko binti yake alizaliwa mwaka 2010; kwa kuwa baba alikwisha kuwa raia wa Uingereza kwa kuandikishwa, binti alizaliwa akiwa raia wa Uingereza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliporuhusu uraia pacha, baba aliurejesha uraia wake wa Kenya. Mama alizaliwa Tanga, na kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia pacha, ameamua kubaki na pasi ya Tanzania na kibali cha kudumu cha ukaazi. Wote watatu walihamia Brent mwaka 2012, na mwana wa kiume akazaliwa London mwaka 2015. Mpwa wao, aliyezaliwa Kampala, alifika Septemba 2020 kwa masomo ya shahada ya miaka mitatu, naye anaishi nao. Bibi alikuja Januari 2021 kwa ziara ya miezi sita.

Bibi ndiye wa kwanza kutolewa. Atajibu dodoso, lakini ni mkazi wa muda mfupi, kwa hiyo familia hii ina wakazi wa kawaida watano. Mpwa anabaki, kwa sababu muda anaokusudia kukaa unazidi miezi 12. Wanafunzi huhesabiwa katika anwani wanayoishi wakati wa muhula, kwa hiyo kama angekuwa anasoma na kulala Leicester, angehesabiwa Leicester hata kama likizo zote anazimalizia Brent.

Katika hao watano, wanne walizaliwa nje: baba, mama, binti na mpwa. Hiyo ni asilimia 80. Ukiuliza pasi, picha inabadilika kabisa. Baba ana pasi mbili, lakini katika majedwali kila mtu huhesabiwa mara moja tu na pasi ya Ufalme wa Muungano hupewa nafasi ya kwanza, kwa hiyo pasi yake ya Kenya haionekani. Wenye pasi ya kigeni ni mama na mpwa tu, asilimia 40. London nzima ina pengo la namna hiyo hiyo: waliozaliwa nje ni asilimia 40.6, wenye pasi isiyo ya Ufalme wa Muungano ni asilimia 23.3. Mtu anayetaka kuthibitisha kwamba wageni ni wengi atachukua ya kwanza, na anayetaka kuonyesha kwamba ni wachache atachukua ya pili, nao wote wawili watakuwa wamenukuu sensa ile ile. Kwa maoni yangu, mahali pa kuzaliwa ni kipimo bora zaidi cha kulinganisha mwaka na mwaka, kwa sababu hakibadiliki mtu anapopata uraia, ilhali pasi ndiyo yenye maana zaidi pale jambo linapohusu haki za kisheria, kama vile kufanya kazi au kupiga kura.

Ukiihamishia familia hiyo katika takwimu za nchi nyingine, hesabu inabadilika tena. Ufaransa humwita mhamiaji mtu aliyezaliwa katika nchi ya kigeni akiwa si raia wa Ufaransa, naye hubaki mhamiaji hata akipata uraia. Marekani humhesabu kuwa mzaliwa wa nje yule ambaye hakuwa raia wa Marekani alipozaliwa. Kwa kanuni hizo zote mbili, zikitumika kwa mfano wetu, binti wa Mombasa hatolewi nchini bali hutolewa katika hesabu ya wahamiaji, kwa kuwa alizaliwa akiwa raia, na familia inashuka hadi asilimia 60. Kanada huwaita wahamiaji wale tu waliowahi kupewa ukaazi wa kudumu, wakiwemo waliokwisha kuwa raia, na wanafunzi wa kigeni huwekwa katika kundi tofauti la wakazi wasio wa kudumu. Hapo mpwa naye anatoka, tunabaki na baba na mama, asilimia 40. Kwa hiyo unapoona London imepangwa pamoja na Paris, New York na Toronto katika orodha moja ya miji yenye wahamiaji wengi, tafuta kwanza kama mwandishi amezisawazisha fasili. Asipoeleza, orodha hiyo haifai kutegemewa.

Sasa turudi kwa baba na mwaka wake wa kufika. Akilijibu swali kama lilivyoandikwa, atajaza 2012, kwa kuwa ndipo alipofika kwa mara ya mwisho ili kuishi. Miaka yake kumi ya mwanzo London haitaonekana. Jedwali la miaka ya kufika, kwa hiyo, haliwezi kusomwa kama historia ya mawimbi ya uhamiaji wetu, na kadiri watu wanavyorudi nyumbani kwa miaka kadhaa na kuondoka tena, ndivyo linavyowaonyesha kuwa wageni zaidi kuliko walivyo. Anayeandika kuhusu ukongwe wa jumuiya yake atafute ushahidi mwingine wa kuliongezea.

Mwana aliyezaliwa London anatoweka pia, ila kwa njia nyingine. Katika swali la nchi ya kuzaliwa yeye ni mzaliwa wa Uingereza, na asili ya wazazi wake itajulikana tu kupitia maswali ya kundi la kikabila, utambulisho wa kitaifa na lugha kuu. Swali la lugha nalo huruhusu jibu moja. Mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani na Kiingereza shuleni karibu daima huandikiwa Kiingereza, kwa hiyo idadi ya walioandika Kiswahili si idadi ya wanaokizungumza, na chama kinachodai darasa la Kiswahili kwa kutumia takwimu hiyo peke yake kinajipunja.

Kama unataka kuzitafuta takwimu za wilaya yako mwenyewe, zinapatikana bure katika tovuti ya Nomis. Jedwali `TS004` lina nchi za kuzaliwa kwa makundi makubwa, `TS005` lina pasi, `TS012` lina nchi za kuzaliwa kwa undani zaidi, na `TS015` lina miaka ya kufika. Jihadhari na `TS012`: Kenya na Somalia zimetajwa kwa majina, lakini Tanzania na Uganda zimo ndani ya fungu la nchi nyingine za Afrika ya Kusini na Mashariki. Ili kuzipata peke yake itakubidi utengeneze jedwali lako katika tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Uingereza na kuchagua mgawanyo unaotaja nchi nyingi zaidi. Usishangae jumla ikitofautiana kwa mtu mmoja au wawili kati ya jedwali na jedwali, kwa maana tarakimu ndogo huchezewa kidogo kwa makusudi ili mtu mmoja asitambulike.

Kuhusu hofu ya kujibu, ambayo nimeisikia mara nyingi kwa wazee wetu: sheria inalazimisha kujibu, faini yaweza kufika paundi 1,000, na majibu ya mtu binafsi hufungiwa kwa miaka 100 na hayatumiki kuamua hali yake ya uhamiaji. Anayekwepa hupunguza hesabu ya watu wa kwao katika mtaa wake.

Kumbuka pia kwamba siku ile ya Machi 2021 nchi ilikuwa bado chini ya vizuizi vya korona, na baadhi ya watu walikuwa wamekwisha kuondoka London kwenda kwingine au kurudi makwao. Ukiandika takwimu hii katika ombi au taarifa, iandike pamoja na kila kinachoifafanua: “Waliozaliwa nje ya Ufalme wa Muungano, wakazi wa kawaida wa London, sensa ya tarehe 21 Machi 2021: asilimia 40.6.”