SOMO: Kulala bila fukuto Dar miezi ya kaskazi, kwa feni, neti na shuka tu

Wakuu, tangu Desemba ianze nimeulizwa jambo hili mpaka nimechoka kulirudia, na wapangaji wenzangu, na majirani, na humu ndani. Leo naandika lote. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Chumba changu ni mita 3 kwa 3 na nusu, tofali za simenti, bati juu, dari ya jipsamu. Dirisha moja linatazama magharibi, jingine liko upande wa uani. Wengi wetu tunaishi vyumba vya namna hii.

Jambo la kuelewa kabla ya yote ni kwamba feni haipozi hewa. Inakausha jasho, na jasho likikauka ndipo mwili unapoa. Ukiiwasha kwenye chumba ambacho kuta zimekunywa jua kutwa nzima, inakuzungushia joto lile lile. Kwa hiyo kazi ni mbili: kwanza utoe joto chumbani, halafu ndipo ulete upepo mwilini. Wengi wanaruka ya kwanza.

1. Kuanzia saa 7 mchana ziba dirisha la magharibi. Kitambaa kizito au jamvi likining'inizwa nje ya kioo linasaidia kuliko pazia la ndani, kwa sababu jua likishapita kioo joto limeshaingia.

2. Piga brashi kavu wavu wa dirisha. Ukijaa vumbi haupitishi upepo.

3. Toa joto. Hapa ndipo nilipokosea, naomba msome taratibu.

Jua likishazama, subiri mpaka nje kuwe na ubaridi kuliko ndani. Kwangu ni kama saa 2 usiku. Simama mlangoni, toa mkono nje, utahisi tofauti. Weka feni ya kusimama ikitazama NJE kwenye dirisha moja, hatua moja kutoka dirishani, halafu fungua dirisha la upande wa pili. Feni inasukuma hewa ya moto nje, na hewa ya uani inaingia kuchukua nafasi yake.

Mwaka wa kwanza niliogopa mbu, nikafunga mlango na dirisha la uani, nikaacha dirisha la feni peke yake. Nina kipimajoto kidogo cha ukutani. Nilianza na nyuzi 31, baada ya nusu saa zikawa 32. Nikadhani feni mbovu. Kumbe hewa inayotoka lazima ifidiwe kutoka mahali, na mahali pekee palipobaki ni tundu la waya wa taa kwenye dari. Nilikuwa navuta hewa ya chini ya bati, ambako joto linakaa mpaka usiku. Ukitaka kujua kama unafanya kosa hili, shika uzi au kipande cha karatasi laini karibu na tundu hilo. Kikipepea kuja chini, huna mlango wa kuingizia hewa. Siku nilipofungua dirisha la uani, lenye wavu mzima, nyuzi zilishuka kutoka 31 hadi 29 kwa dakika 40 hivi.

Onyo la kwanza: usifanye hivi kama kuna jiko la mkaa linawaka ndani au kibarazani karibu na dirisha la kuingizia. Feni itavuta hewa ya mkaa mpaka chumbani, na hewa hiyo inaua bila kutoa harufu. Onyo la pili: funga pazia fundo, lisinaswe na feni.

Na msitegemee miujiza. Ndani hapatapoa kuliko nje. Nje kukiwa nyuzi 28, huko ndiko mwisho wako.

4. Wakati wa kulala geuza feni kitandani. Neti inapunguza sana upepo, kwa hiyo upepo wa kutoka dari unaishia juu ya neti. Shusha shingo ya feni, iwe sawa na godoro, ikae karibu lakini neti isiiguse hata ikipepea. Neti ya pembe nne ni bora kuliko ya duara, maana haikubani na ngozi haigusani nayo. Mbu anauma kupitia neti ikikugusa. Na wenye pangaboi, msifunge neti ya duara karibu nalo. Tafuteni misumari ya ukutani.

5. Vua godoro nailoni lililokuja nalo dukani. Tandika shuka moja ya pamba. Godoro la sponji likikuchoma mgongo, tandika mkeka wa ukili juu yake kisha shuka. Mkeka unaacha hewa kidogo chini ya mwili. Kujifunika, khanga inatosha.

MASWALI

Kijana wa Tandika: Mkuu, kwa hiyo ninunue feni gani?

Jibu: Hilo sikuliandikia. Uliyonayo, anza na hatua ya 3.

Kijana wa Tandika: Nimefungua madirisha yote tangu mchana na bado joto.

Jibu: Soma hatua ya 1 na ya 3. Mchana nje ni moto kuliko ndani, umekaribisha joto mwenyewe.

Binti Dodoma: Shikamoo. Huku kwetu tunaloweka shuka, tunaitundika mbele ya feni na tunapata baridi kweli. Nilipokuja Dar nikajaribu, nikaamka nimelowa na kichwa kizito. Kwa nini?

Jibu: Marahaba dada, umeuliza vizuri. Shuka mbichi inapoza pale maji yanapokauka haraka, na Dodoma hewa ni kavu, ina nafasi ya kuyabeba. Hewa ya Dar usiku imeshajaa maji. Ya shuka yanakauka kidogo sana, na hayo kidogo yanaongeza unyevu chumbani, kwa hiyo hata jasho lako linagoma kukauka. Ukirudia siku nyingi godoro litaota ukungu. Ukiwa Dar loweka kitambaa kidogo, jipanguse shingo na mikono, kisha ukae mbele ya feni. Maji hayo ni machache na yanakauka juu ya ngozi yako, mahali unapoyahitaji.

Mama Pacha: Watoto wangu wana miezi 5. Feni si itawaletea kifua?

Jibu: Upepo wenyewe hauleti kifua, ila usiwapige usoni moja kwa moja. Elekeza feni ukutani, upepo urudi ukiwa laini. Futa vumbi la mapanga kila wiki. Gusa shingo zao. Zikiwa na jasho, punguza nguo.

Fundi Umeme: Naongeza. Pangaboi likizunguka polepole hata kwenye namba 5, au likigoma kuanza mpaka ulisukume, mara nyingi ni kapasita imechoka. Ni kitu cha bei ndogo, msikimbilie kununua jipya.

Jibu: Asante fundi. Inawekwa ya namba ile ile?

Fundi Umeme: Namba iliyoandikwa kwenye ya zamani, usizidishe. Na zima meni swichi, si swichi ya ukutani tu. Kama hujawahi, mwite mtu.

Binti Dodoma: Na neti ikishika vumbi, nayo inazuia upepo?

Jibu: Inazuia. Ifue kwa sabuni ya kipande na maji baridi, bila jiki, uianike kivulini. Neti zenye dawa zikikaa juani dawa inaisha upesi.