Somo: namna ya kuipekua hati ya makubaliano kabla hujaweka saini (majukumu, tarehe ya mwisho na mlango wa kutokea)

Habari zenu wakuu. Wiki iliyopita niliahidi somo hili, sasa leo nimepata muda. Nitatumia mfano mmoja tu, wa hati niliyoikagua mwenyewe: upande mmoja shirika lisilo la kiserikali lenye mashine ya kukamua alizeti, upande wa pili ushirika wa wakulima huko Singida wenye jengo na wanachama. Majina naweka pembeni. Hati ilikuwa kurasa 4, nzuri kweli kwa macho, utangulizi peke yake ukurasa na nusu wa "kwa kutambua" na "kwa kuzingatia". Hapo ruka, matatizo hayakai kwenye utangulizi.

Hatua ya 1: wasake watenda kazi

Printi hati, chukua kalamu mbili za rangi tofauti. Bluu shirika, nyekundu ushirika. Pita kila sentensi yenye kazi ndani yake, jiulize nani anafanya, pigia mstari kwa rangi yake. Sasa Kiswahili chetu kina ujanja mmoja, kile kitenzi cha kutendwa. "Mashine itatunzwa." "Ripoti zitatolewa." "Umeme utalipiwa." Inasomeka vizuri sana alafu hakuna mtu ndani yake! Sentensi ya hivyo usiipake rangi yoyote, iache nyeupe. Na ile "pande zote mbili zitashirikiana kuhakikisha" nayo iache nyeupe, maana jukumu la wote huwa halina mwenyewe, siku mashine imekufa kila mmoja anamwangalia mwenzake.

Kwenye ile hati nilibaki na sentensi nyeupe 9 kati ya 14. Iliyonitisha zaidi ni hii: "Pande zote mbili zitashirikiana kuhakikisha mashine inafanya kazi muda wote." Hapo ndani kuna LUKU, kuna mshahara wa mwendeshaji, kuna fundi, kuna spea, na hakuna hata kimoja chenye mlipaji. Tukaivunja ikawa hivi:

"Ushirika utanunua umeme na kumlipa mwendeshaji kila mwezi. Shirika litalipia spea na fundi, na litamleta fundi ndani ya siku 5 tangu lipate taarifa ya maandishi ya kuharibika. Fundi asipofika ndani ya siku hizo, ushirika unaweza kuita fundi wake na shirika litarudisha gharama kwa risiti."

Ona hiyo sentensi ya mwisho. Watu wengi wanaandika nani na lini wanaishia hapo, asipofanya je? Jukumu lisilo na "asipofanya" ni ombi tu.

Hatua ya 2: tarehe

Hati ilisema inaanza "tarehe ya kusainiwa" na itadumu "mpaka mradi utakapokamilika". Haya, mwenyekiti wa ushirika alipanga kusaini wiki ile, mkurugenzi wa shirika alikuwa safarini, angesaini labda mwezi unaofuata, na sehemu ya saini haikuwa na nafasi ya kujaza tarehe. Kwahiyo inaanza lini? Na mradi unakamilika lini, ufadhili ukiisha au mashine ikichakaa? Nilipofungua kiambatisho cha bajeti nikakuta fedha za spea zinaishia Desemba ya mwaka wa kwanza. Yani mwili wa hati unasema milele na bajeti inasema miezi 9. Ndo maana nasema kila siku viambatisho visomwe pamoja na hati, sio baadae.

Tuliandika tarehe za kalenda: "Yanaanza 1 Aprili 2025 na yanaisha 31 Machi 2027." Angalia, miaka 2 inaisha 31 Machi, sio 1 Aprili, watu hukosea hapo. Alafu tafuta neno "yataendelea moja kwa moja". Likiwepo maana yake mkikaa kimya mmejifunga tena. Sisi tuligeuza, mkikaa kimya yanakufa, mkitaka kuendelea mnaandikiana siku 60 kabla.

Hatua ya 3: igiza kuachana

Usisome kipengele cha kuvunja makubaliano kwa macho tu, kiigize. Chukua tarehe mbaya kuliko zote katika kazi yenu ujifanye barua ya kujitoa imefika siku hiyo. Kwenye alizeti ni msimu wa mavuno. Nikasema barua imefika Jumatatu 2 Juni 2025. Hati ilitoa notisi ya siku 7, kwahiyo tarehe 9 shirika linakuja na lori kubeba mashine. Ghalani tukakadiria gunia 180 za wanachama zinasubiri, mashine inakamua kama gunia 15 kwa siku, hiyo ni siku 12 za kazi. Notisi inaisha mzigo uko katikati! Na mkulima hamjui mkurugenzi, atakuja kudai kwa mwenyekiti wa ushirika nyumbani kwake.

Tukapandisha notisi ikawa siku 60 na tukaongeza kwamba mashine haiondoki mpaka mzigo uliopokelewa kabla ya notisi umalizike kukamuliwa. Pia notisi iwe barua inayopokelewa ofisini na kugongwa muhuri, maana rasimu ilisema "kwa taarifa", na taarifa siku hizi hata meseji ya saa 5 usiku ni taarifa. Mwisho tukaandika nani anabaki na nini: mashine inarudi kwa shirika, paa na nyaya zilizofungwa kwenye jengo zinabaki kwa ushirika, pesa ya akaunti ya pamoja inalipa madeni kwanza ndo igawanywe.

MASWALI

Swali: Mkuu asante, ila mi nilifundishwa hati ya makubaliano haina nguvu kisheria, sasa jasho lote hili la nini?

Jibu: Jina la juu ya karatasi halikuokoi. Kwa Tanzania, Sheria ya Mikataba Sura ya 345 kifungu cha 10 inaangalia mambo yenyewe: ridhaa huru, watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, malipo au badilishano halali, na lengo halali. Vikiwepo, mahakama inaweza kuuona mkataba hata kama juu mmeandika makubaliano. Kama mnataka sehemu fulani isiwafunge, andikeni wazi ni vipengele namba ngapi vinafunga na vipi ni nia tu.

Swali: Sisi kikundi chetu tumeshasaini mwaka juzi, tarehe ya mwisho haipo kabisa. Tumeshachelewa?

Jibu: Hapana dada. Andikeni nyongeza ya ukurasa mmoja, itaje hati ya kwanza na tarehe yake, iseme inaisha lini, isainiwe na pande zote kwa watu wenye mamlaka ya kusaini. Msichukue kalamu kuchomeka tarehe kwenye nakala ya zamani, nakala ya wenzenu haitakuwa nayo na hapo mtaonekana mmeghushi.

Swali: Wafadhili wetu wana fomu yao moja dunia nzima, hawakubali hata koma ibadilike. Tufanyeje?

Jibu: Usigombane na fomu, omba kiambatisho cha majukumu na kuachana. Wengi wanakubali hilo kwa sababu fomu yao inabaki ilivyo. Ila hakikisha kuna sentensi inayosema vikipingana kiambatisho ndicho kinachofuatwa, bila hiyo fomu itakimeza. Na kama fomu yenyewe ina kipengele kinachosema fomu ndiyo ya juu, basi hicho kimoja ndo cha kupigania.